Haloo, Mbona Kimya?

Simu inaita, fundi cherehani anaacha mkasi na kupokea. "Haloo? Haloo, fundi?" anaita mteja. Fundi anajibu vizuri tu. Anamsikia mteja kila neno, hata konda wa daladala aliyopanda mteja anamsikia akiita vituo. Lakini mteja anazidi kuita: "Fundi, mbona husemi? Haloo?" Kisha anakata. Anapiga mara ya pili, mambo ni yaleyale. Mara ya tatu hapigi tena, anatuma ujumbe kwamba kitambaa chake atakipeleka kwa fundi mwingine.

Fundi huyu ni wa mfano, lakini kilichompata kinawapata watu kila siku, na ugumu wake ni kwamba mwenye simu ndiye wa mwisho kujua. Spika ya sikioni ikifa, unajua papo hapo, maana husikii. Maiki ikifa, wewe unasikia kila kitu kama kawaida, na anayebaki anaita peke yake ni yule aliyepiga. Ndiyo sababu wengi huulaumu mtandao kwanza. Watasogea dirishani, watatoka nje, watapaza sauti mpaka majirani wageuke. Mtandao kweli huweza kupoteza sauti ya upande mmoja, ila mara nyingi ni kwa simu ile moja tu: ukikata na kupiga upya, sauti hurudi. Tatizo likijirudia simu baada ya simu, kwa watu tofauti walio kwenye mitandao tofauti, basi kosa limo mkononi mwako.

Na mkononi humo kuna washukiwa watatu wa kawaida: tundu la maiki lililoziba, kava iliyolifunika, au programu iliyoifunga maiki bila mwenyewe kujua. Wote watatu huleta malalamiko yaleyale, lakini kila mmoja huacha alama yake. Alama hizo husomwa kwa sikio, kabla ya kugusa kitu chochote chenye ncha.

Geuza simu utazame ukingo wa chini, pale chaja inapoingia. Kando ya nafasi ya chaja utaona tundu moja dogo la duara, dogo kama ncha ya kalamu. Kwenye iPhone na simu nyingine kadhaa kuna safu za matundu kulia na kushoto; upande mmoja ni spika, na upande mwingine ndipo maiki inapopumulia. Nyuma ya tundu hilo kuna njia fupi na nyembamba, kipande cha mpira kinachozuia sauti isipotelee ndani ya simu, wavu laini wa kuzuia vumbi, kisha maiki yenyewe, kisanduku chenye upana wa milimita 3 au 4 hivi. Ndani ya kisanduku hicho mna utando wa silikoni, mwembamba mara nyingi kuliko unywele. Ukisema, hewa inasukumwa, utando unatikisika, umeme unabadilika, na simu inausoma mtikisiko huo kuwa sauti yako. Hewa isipofika kwenye utando, hakuna cha kusomwa.

Kitochi kwa kawaida kina maiki moja tu, kwa hiyo kikiziba tundu lake kimeziba, habari imeisha. Simu janja ina mambo zaidi. Nexus One, iliyotoka Januari 2010, ilikuja na maiki ya pili mgongoni kwa ajili ya kupunguza kelele, na katikati ya mwaka huohuo iPhone 4 ikaja na ya pili ukingoni juu. Leo maiki mbili ni jambo la kawaida hata kwenye simu za bei ya kati. Na ni hiyo maiki ya pili, iliyowekwa ili usikike vizuri zaidi, inayoeleza kwa nini uchafu kidogo tu unaweza kumfanya mtu atoweke kabisa masikioni mwa mwenzake.

Jinsi zinavyofanya kazi ni hivi. Ukiweka simu sikioni, mdomo wako uko karibu na maiki ya chini na mbali kidogo na ile ya juu. Sauti yako inafika chini ikiwa na nguvu, na juu ikiwa imefifia. Honi ya gari lililo mita 20 kutoka ulipo ni tofauti: inafika kwenye maiki zote mbili kwa nguvu ileile, kwa sababu sentimita chache za urefu wa simu si kitu kwa sauti inayotoka mbali. Basi programu ya simu inalinganisha. Sauti iliyo na nguvu chini kuliko juu inahesabiwa kuwa ya mwenye simu, inapitishwa. Iliyo sawa pande zote inahesabiwa kuwa kelele, inapunguzwa.

Sasa chukua nyuzi za kitambaa uzibe nusu ya tundu la chini. Sauti ya fundi inaingia chini ikiwa dhaifu, karibu sawa na ile inayoingia juu. Programu inapima, inaona hakuna tofauti, inaamua kuwa anayesema si mwenye simu bali ni kelele za mtaani, na inamfuta. Tundu limeziba nusu, lakini mteja hapati nusu ya sauti. Anapata maneno yaliyokatikakatika, au hapati kitu. Kupaza sauti nako hakusaidii, kwa sababu ukelele wako unaongezeka juu na chini kwa kadiri moja, na uwiano unabaki palepale. Fundi angepiga kelele mpaka akauke koo. Simu ingeendelea kumhesabu kuwa honi.

Hapo ndipo kipimo cha kwanza kinapopata maana. Fundi anampigia mkewe aliye chumba cha pili, simu ikiwa sikioni kama kawaida. Mke hasikii kitu. Bila kukata, fundi anabonyeza kitufe cha spika ya nje na kuishika simu mbele ya uso. "Haya, sasa nakusikia, baba," anajibu mkewe kutoka ndani. Simu nyingi zikiwekwa spika ya nje hubadili namna zinavyosikiliza. Hazitegemei tena kwamba mdomo uko karibu na maiki ya chini, hivyo hutumia maiki nyingine au zote kwa pamoja. Kwa jibu hilo moja la mkewe, fundi ameshajua kwamba laini yake ni nzima, mtandao ni mzima, na simu haijafungiwa maiki. Mgonjwa anaonekana kuwa ile maiki ya chini peke yake.

Kipimo cha pili kinathibitisha. Anafungua programu ya kurekodi sauti, anaweka simu shubiri moja kutoka mdomoni, anahesabu moja hadi kumi kwa sauti ya kawaida. Akifika tano anaziba tundu la chini kwa kidole gumba, anaendelea kuhesabu. Kisha anasikiliza. Kwenye simu nzima, kuanzia tano sauti inafifia waziwazi, kama mtu aliyefunikwa shuka. Kwenye simu ya fundi, moja hadi kumi ni fifi ileile. Kidole hakikubadili kitu kwa sababu tundu lilikuwa limeshazibwa na kitu kingine kabla ya kidole. Anamaliza kwa kurekodi video fupi kwa kamera ya nyuma, nyingine kwa kamera ya mbele, ambazo kwenye simu nyingi husikiliza kwa maiki za juu. Zote mbili zina sauti safi.

Ndipo anavua kava. Hili lilipaswa kuwa jambo la kwanza, na kwa mtu asiye na nafasi ya kupima, lianze hilo, kwa kuwa halina gharama wala hatari. Kava ya fundi ni ile nene ya mpira inayouzwa kwa maelezo kwamba inaingia simu yoyote ya ukubwa huo. Uwazi wake wa chini umekatwa kwa ajili ya chaja, lakini umesogea milimita mbili, na mdomo wa mpira umekaa juu ya nusu ya tundu la maiki. Anarekodi tena simu ikiwa uchi. Sauti imepanda, ila bado si safi. Maana yake makosa yalikuwa mawili, na moja limeondoka. Kama sauti ingekuwa safi kabisa bila kava, kesi ingeishia hapo: dawa ni kuukata mdomo ule wa mpira kwa wembe, simu ikiwa nje ya kava, au kununua kava iliyotengenezwa kwa aina yako ya simu na si kwa ukubwa wake tu.

Kava huweza kukosea juu pia. Ikifunika maiki ya mgongoni karibu na kamera, mpigiwa atakusikia, ila kelele za pembeni zitampanda, au sauti yako itavuma kama unaongea ndani ya debe. Protekta ya kioo iliyobandikwa vibaya hufanya mambo mengine mawili. Inaweza kuziba tundu la maiki ya juu lililo kando ya spika ya sikioni. Na inaweza kufunika kihisio kinachotambua kwamba simu imekaribia uso. Kihisio hicho ndicho kinachozima kioo unapoongea. Kikifunikwa au kikichafuka, kioo hubaki kinawaka, na shavu lako linabonyeza Mute katikati ya mazungumzo. Anayepatwa na hili huwa anasikika vizuri mwanzoni, kisha anakatika ghafla. Akiitoa simu sikioni na kutazama kioo, ataikuta alama ya maiki iliyokatwa mstari imewaka.

Turudi kwa fundi na tundu lake. Anazima simu, anammulikia kwa tochi ya simu ya mkewe, anaona kitu cha kijivu kimejaa ndani ya tundu. Ni vumbi la vitambaa lililochanganyika na jasho la mfuko wa shati, limekandamizwa likawa kama sufi. Kwa muuza unga lingekuwa unga, kwa mpishi wa chipsi lingekuwa mafuta yaliyoshika vumbi, na hilo la mpishi ndilo gumu zaidi kulitoa. Anachukua mswaki mpya mkavu wenye nywele laini. Anaishika simu ukingo wa chini ukitazama sakafu, ili kinachochomoka kianguke nje badala ya kuzama ndani, na anapiga mswaki kwa wepesi kutoka upande mmoja kwenda mwingine, bila kuusukumiza tunduni. Baada ya hapo anabonyeza kipande cha utepe wa kunata juu ya tundu na kukibandua, mara tatu nne, kila mara sehemu mpya ya utepe. Kijinyuzi kinatoka kikiwa kimenata.

Sindano iko pale mezani, imejaa kikasha kizima, na mkono unavutwa. Aiache. Wavu wa vumbi uko karibu sana na uso wa simu, na nyuma yake ndipo palipo utando ule mwembamba. Sindano ikipenya, tundu litakuwa wazi na maiki itakuwa imekufa. Kosa linalowaponza wengi zaidi ni lile la pini ya kutolea laini. Kwenye baadhi ya simu tundu la maiki na tundu la trei ya laini yanafanana kwa umbo na ukubwa. Mtu anataka kubadilisha laini, anachomeka pini kwenye tundu lisilo lake, anaona trei haitoki, anakaza zaidi. Kabla ya kuchomeka, tafuta mstari mwembamba unaochora umbo la trei. Tundu la pini limo ndani ya mstari huo au limegusana nao, na tundu la maiki limesimama peke yake.

Kupuliza kwa mdomo kunaongeza unyevu, na hewa ya kompresa ya gereji inaweza kuupasua utando. Petroli na vimiminika vya kusafishia visikaribie kabisa.

Maji ni kisa kingine kinachofanana na uchafu. Simu ikinyeshewa, tone dogo hushika kwenye wavu na kutandaza utando wa maji unaozuia hewa, na sauti hupotea ingawa hakuna kilichoharibika. Iinamishe ukingo wa chini ukitazama sakafu, igonge taratibu kwenye kiganja, iache mahali pakavu penye hewa. Inaweza kuchukua siku nzima. Mchele hausaidii. Apple yenyewe katika maelekezo yake inakataza kuitumbukiza simu kwenye mchele, kwa kuwa chembechembe zake zinaweza kuingia na kuidhuru.

Fundi anawasha simu, anarekodi, anahesabu. Moja hadi tano sauti ni kali. Gumba linapotua, inazama. Maiki ya chini imerudi.

Lakini kuna mtu ambaye angefanya haya yote bila kufanikiwa, kwa sababu tundu lake halikuwa na kosa. Kumtambua ni rahisi: simu ya kawaida inasikika, kurekodi kunasikika, ila akipiga kwa WhatsApp upande wa pili ni kimya. Maiki ni ileile moja, tundu ni lilelile, kwa hiyo uchafu haungeweza kuchagua programu. Kilichopo ni ruhusa. Siku programu ilipouliza kama inaweza kutumia maiki, alibonyeza jibu la kukataa na kusahau. Kwenye simu ya Android aingie Settings, kisha Apps, WhatsApp, Permissions, Microphone, achague Allow only while using the app. Kwenye iPhone njia ni Settings, Privacy & Security, Microphone, kisha kuwasha swichi iliyo mbele ya jina la programu. Kuanzia Android 11 ya mwaka 2020, simu inaweza pia kuinyang'anya ruhusa programu ambayo haijafunguliwa kwa miezi kadhaa, hivyo mtu anayeitumia Zoom mara mbili kwa mwaka anaweza kukuta imekuwa bubu bila yeye kugusa chochote.

Android 12 ya mwaka 2021 ilileta swichi kubwa zaidi, inayofunga maiki kwa simu nzima. Jina lake ni Microphone access au Mic access, na kwenye simu nyingi inaweza kuwekwa kwenye vitufe vya haraka unavyovishusha kutoka juu ya kioo, karibu na tochi. Mtoto akichezea simu anaweza kuizima. Alama ya swichi hii ni kwamba simu inakuwa bubu kila mahali kwa mpigo, simu za kawaida, WhatsApp, hata kurekodi, wakati jana usiku ilikuwa nzima na haikuanguka wala kulowa. Programu ya kurekodi itaonekana inafanya kazi, sekunde zinahesabika, lakini ilichopewa ni kimya kitupu. Hapo linganisha na tundu lililoziba: tundu lililoziba karibu kila mara huacha sauti fifi au mvumo, na swichi haiachi hata mchakacho.

Android 12 na kuendelea huonyesha alama ya kijani kwenye kona ya juu ya kioo wakati maiki inatumika. iPhone, tangu iOS 14 ya mwaka 2020, huonyesha nukta ya rangi ya chungwa. Ukiwa unarekodi au unaongea kwa WhatsApp na nukta imewaka, programu imekubaliwa kusikiliza, basi rudi kwenye kava na tundu.

Bado kuna spika na vipokea sauti vya Bluetooth. Simu iliyoungana na vipokea sauti vilivyo ndani ya mkoba inasikiliza kutoka mkobani. Dalili yake ni kwamba mara nyingi wewe pia humsikii mwenzako sikioni. Zima Bluetooth, piga tena. Simu yenye tundu la waya za sikioni huweza kudanganyika vivyo hivyo maji au uchafu ukiingia tunduni: alama ya vipokea sauti inabaki juu ya kioo ingawa hujachomeka kitu.

Yote hayo yakishindikana, tatizo liko ndani, na mwenye simu afike hapo bila kujilaumu. Kwenye simu nyingi za Android maiki ya chini imekaa kwenye ubao mdogo uleule wenye nafasi ya chaja. Kwa hiyo simu iliyoanza kusumbua kuchaji na kuwa bubu katika wiki ileile huenda inahitaji ubao huo mmoja tu, na simu iliyokuwa bubu mara baada ya kubadilishiwa chaja irudishwe kwa aliyeifungua, maana huenda waya haukukaa sawasawa au ule mpira wa maiki ulisahauliwa mezani. Mengine ni mazito zaidi. iPhone 7 na 7 Plus, zilizotoka mwaka 2016, zilijulikana kwa hitilafu ya sehemu ya sauti kwenye ubao mkuu. Kitufe cha spika kilififia wakati wa mazungumzo na kurekodi kukakataa. Wateja Marekani walifungua kesi, na Apple ikakubali kulipa dola milioni 35 bila kukiri kosa. Hakuna mswaki wowote ungeiponya simu ya namna hiyo.

Ukilazimika kwenda kwa fundi simu, mweleze ulichopima: kwa sikio kimya, kwa spika ya nje nasikika, kidole hakibadili kitu. Maelezo hayo yatamwokolea saa nzima na yatakuepusha kuuziwa kisichohitajika. Na akishamaliza, usitoe pesa hapo hapo. Washa simu palepale kibandani, rekodi, hesabu moja hadi kumi, ziba tundu ukifika tano, usikilize. Sauti ikizama kwenye tano, mlipe.